Ndoo Sabini na Tano

Picha ile bado ninayo kwenye simu. Bomba limefunguliwa, maji yanaruka, mama mmoja amekinga ndoo ya manjano, na nyuma yake watoto wanacheka kwa sababu maji yamewarukia miguuni. Niliipiga mwenyewe, katika kijiji kimoja mkoani Dodoma, mwezi wa tisa wa mradi wetu wa maji. Jioni ile niliibandika kwenye ripoti, chini ya duara la kijani, na kuandika: mradi umefikia asilimia 95.

Hakuna neno la uongo katika ripoti ile. Nimeirudia mara nyingi tangu nilipoanza shahada ya uzamili ya usimamizi wa miradi, nikitafuta sentensi ambayo ningeweza kuinyooshea kidole na kusema, hapa ndipo nilipodanganya. Sijaipata. Pampu zote nane zilikuwa zimefungwa. Matangi yote nane yalikuwa yamejengwa. Yule mama alijaza ndoo yake. Hata hivyo, vijiji sita kati ya vinane havikuwa na maji ya kutosha hata robo ya wakazi wake, na kwa sababu ya ripoti zetu, kijiji kimoja kilifutwa kwenye orodha ya vijiji vinavyohitaji maji.

Watu wa miradi wana jina la ripoti kama hiyo. Wanaiita tikitimaji: kijani nje, nyekundu ndani. Nililisikia darasani kwa mara ya kwanza, na wenzangu walicheka. Mimi nilikumbuka picha.

Nieleze kwanza kazi yetu ilivyokuwa. Shirika dogo lililoniajiri nilipomaliza shahada ya kwanza lilikuwa na miezi kumi na miwili ya kuchimba visima virefu katika vijiji vinane, na kila kisima kilipaswa kuwa na pampu ya sola, tanki la lita 10,000 na vilula vya kuchotea. Kazi yangu ilikuwa kukusanya taarifa kutoka kwa mafundi, kuziingiza kwenye jedwali na kuandaa ripoti ya mwezi. Kila sehemu ya ripoti ilikuwa na rangi, kama taa za barabarani. Kijani maana yake tuko sawa, njano maana yake tuangalie, nyekundu maana yake tumekwama.

Asilimia tulizipata kwa kugawa kazi ya kila kijiji katika hatua tano. Kuchimba kisima kulikuwa na alama 30. Kupima uwezo wa kisima, alama 10. Kujenga tanki na vilula, alama 30. Kufunga pampu na paneli za sola, alama 25. Kukabidhi mradi kwa jumuiya ya watumia maji, alama 5. Ukijumlisha hatua nne za mwanzo unapata 95, na ndiyo namba niliyoiandika. Tazama vizuri hesabu hiyo. Mradi wa maji uliweza kufika alama 95 kati ya 100 bila mtu yeyote kuulizwa kama maji yanatoka.

Kosa lenyewe lilianza mapema. Kuagiza pampu huchukua miezi, kwa hiyo tuliziagiza mwezi wa nne, kabla visima havijapimwa. Ili kujua pampu ya ukubwa gani inafaa, mhandisi alitumia takwimu za kisima cha zamani cha jirani. Katika kisima kile, maji yalikuwa yakishuka hadi mita 55 pampu inapovuta. Ukiongeza mita 10 za mwinuko kutoka kisimani hadi kwenye tanki, na mita 6 za mnara wa tanki, unapata mita 71. Tukaagiza pampu zenye uwezo wa kusukuma maji hadi mita 80, tukaona tumejiwekea akiba ya kutosha.

Mwezi wa tano visima vyetu vikapimwa. Kupima kisima si kuchungulia tu maji yako wapi. Unaweka pampu ya majaribio, unavuta maji kwa kiwango unachokitaka kwa saa nyingi mfululizo, na muda wote huo unapima maji yanashuka hadi wapi. Kisima kikiwa kimetulia, maji yanaweza kuwa mita 45 tu kutoka juu, ukafurahi. Ukianza kuvuta, yanashuka. Katika visima vyetu sita yalishuka hadi mita 78. Jumlisha zile 16 za mwinuko na mnara, unapata 94, kabla hujahesabu nguvu inayopotea ndani ya mabomba. Pampu ya mita 80 haiwezi. Haitakataa kabisa kufanya kazi, na hilo ndilo linalodanganya. Itasukuma kidogo kidogo, maji yatapanda kwenye tanki kama uzi, na mtu anayepita akisikia mlio wake atasema inafanya kazi.

Fundi mkuu alinitumia ujumbe siku ileile. Nimeuhifadhi pia. Aliandika: "Mwanangu, visima sita maji yanashuka sana, mpaka mita 78. Pampu zilizoagizwa hazitatosha. Waambie wazuie oda."

Ni sentensi tatu, na mtu asiyejua chochote kuhusu visima angeelewa cha kufanya. Mimi nilikaa mezani na kuandika kwenye rasimu ya ripoti: "Upimaji wa visima umekamilika. Changamoto ndogo ya kina cha maji inashughulikiwa." Nikaweka rangi ya njano. Rasimu ikaenda kwa mratibu. Mratibu alikuwa na ripoti nne za kusoma siku hiyo, na ukurasa wa muhtasari ulikuwa na nafasi ya mstari mmoja kwa kila kazi. Akabakiza: "Upimaji wa visima umekamilika." Kazi iliyokamilika haiwezi kuwa njano, kwa hiyo akaiweka kijani. Mfadhili hakupata hata mstari. Alipata duara.

Kwa hiyo, ukiniuliza nani aliyegeuza nyekundu kuwa kijani, siwezi kukutajia mtu mmoja. Fundi alisema kweli yote. Mimi nilichukua kweli yake nikailainisha. Mratibu aliifupisha nilichokilainisha. Kila mmoja wetu alipunguza kidogo tu, kiasi ambacho hakikumtia aibu, na huko juu kabisa haikubaki hata tone.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile. Hakuna aliyeniambia nifiche. Lakini mwezi mmoja kabla, mwenzangu aliyesimamia ununuzi wa saruji alikuwa ameweka nyekundu kwa sababu lori lilichelewa. Kikaoni aliulizwa, mbele ya wote, "Wewe ulikuwa wapi siku zote hizo?" Akahojiwa karibu nusu saa. Alipotoka nje alikwenda kusimama kwenye mwarobaini, akajifanya anapiga simu. Mwezi uliofuata saruji ilichelewa tena, naye akaandika kijani. Sote tuliona, na sote tulijifunza. Mimi nilikuwa na mkataba wa miezi sita wa kuhuishwa, na nilikuwa nikiweka akiba ya ada ya chuo. Awamu ya tatu ya fedha za mfadhili nayo ilisubiri ripoti ya robo mwaka. Sikuhitaji kuambiwa.

Tena nilijiambia kwamba "inashughulikiwa" ni kweli, kwa kuwa fundi alikuwa anajua na mimi nilikuwa najua. Leo najua kuwa neno hilo ni la kuogopwa. Kitu kinachoshughulikiwa kina mtu anayekishughulikia, hatua anayoichukua na siku ya kumaliza. Kama huwezi kutaja vitu hivyo vitatu, hakishughulikiwi. Kimeandikwa tu.

Pampu zikaja mwezi wa saba, zikafungwa mwezi wa nane. Mwezi wa tisa nikaenda kupiga picha. Katika kile kijiji cha picha, tulipofika tuliambiwa tanki lina maji, nikafurahi. Nilipouliza baadaye nikajua kuwa vilula vilikuwa vimefungwa kwa siku nne ili tanki lijae tutakapofika. Hakuna aliyetaka kutudanganya. Mwenyekiti wa kijiji alitaka wageni waone maji, kama mama mwenye nyumba anavyotaka wageni wakute chakula. Tulifungua bomba, maji yakaruka kwa nguvu ya tanki, nikapiga picha, tukaondoka kabla ya saa sita. Maji yaliisha jioni ileile.

Nilirudi mwezi wa kumi kwa sababu nyingine kabisa. Kulikuwa na fomu za jumuiya ya watumia maji zilizokosa sahihi. Nilifika saa tisa alasiri, bila taarifa, kwa pikipiki. Kilulani palikuwa na msururu wa ndoo tupu, zimepangwa kwa foleni na kuwekwa mawe ndani ili upepo usizipeperushe. Watu hawakuwapo. Bibi mmoja alikuwa amekaa kivulini akilinda ndoo za ukoo wake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umeleta maji?"

Nikamwambia nimeleta fomu. Akacheka. Akanieleza kwamba kilula hufunguliwa alfajiri na huisha kabla jua halijapanda vizuri, na kwamba wanaokosa hurudi korongoni kufukua mchanga, kama walivyofanya miaka yote. Nikamuuliza wanapata ndoo ngapi kwa siku. Hakuhitaji kufikiri. Walikuwa wakizihesabu, kwa sababu walikuwa wakigawana. "Sabini na tano," akasema. "Siku ya mawingu hazifiki."

Ndoo 75 za lita 20 ni lita 1,500. Mpango wetu ulisema pampu itatoa lita 2,500 kwa saa, kwa saa sita za jua kali. Hizo ni lita 15,000, yaani ndoo 750. Kijiji kilikuwa kinapata sehemu moja ya kumi ya kile tulichokiahidi, na bibi yule alikuwa na namba sahihi kuliko yoyote iliyokuwa kwenye jedwali langu.

Mwenyekiti akaja, tukasalimiana, akasaini fomu. Halafu akaniuliza kwa upole, akitazama pembeni, kama sisi ndio tuliotoa taarifa wilayani. Alikuwa ametoka kwenye kikao cha kupanga vijiji vya mwaka unaofuata, na kijiji chake hakikuwa kwenye orodha. Aliambiwa kwamba tayari kina huduma. Walimwonyesha karatasi. "Ilikuwa na ile picha yako," akasema.

Sijui kama nitawahi kusahau jinsi alivyoitamka "ile picha yako". Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka tu kujua inafutwaje.

Usiku ule, nyumba ya wageni, nilifungua ujumbe wa fundi wa mwezi wa tano na ripoti yangu, nikaviweka pamoja. Kesho yake nilivipeleka kwa mratibu vyote viwili, na namba ya bibi. Alisoma kimya. Kisha akampigia muuzaji wa pampu. Muuzaji alisema kwamba, kabla shehena haijasafirishwa, angebadilisha oda na tungelipa tofauti ya bei tu. Baada ya pampu kufungwa na kutumika, hazirudishwi. Sasa tulihitaji pampu sita mpya na paneli zaidi za kuziendesha, na fedha ya dharura ilitosha vijiji vitatu. Mradi ulifungwa vijiji vitano vikiwa na maji. Vitatu vilisubiri hadi kiangazi kilichofuata, fedha nyingine ilipopatikana. Kijiji cha bibi kilikuwa kimojawapo.

Hiyo ndiyo bei ya rangi. Tatizo lilikuwa lilelile mwezi wa tano na mwezi wa kumi. Kilichobadilika ni kwamba mwezi wa tano lilikuwa la simu moja kwa muuzaji.

Miezi miwili iliyobaki, mratibu aliniruhusu nibadilishe fomu. Sikuwa nimesoma chochote wakati huo. Nilikuwa na aibu tu, na nilitaka aibu hiyo isinipate tena. Nilibadilisha mambo manne, na mpaka leo, baada ya mihadhara mingi na vitabu vizito, sijapata mengi ya kuongeza.

Kwanza, tuliandika maana ya kila rangi kabla ya mwezi kuanza, na tukaifunga kwenye kitu ambacho mradi upo kwa ajili yake. Si pampu, ni ndoo. Kijani: kilula kinatoa ndoo 600 au zaidi kwa siku, kwa siku saba mfululizo, kwa hesabu ya jumuiya ya watumia maji. Njano: ndoo 300 hadi 599. Nyekundu: chini ya 300. Hapo hapana nafasi ya mtu kukaa na kupima moyoni mwake kama hali "ni nzuri kiasi". Rangi inapochaguliwa na mtu, huchaguliwa na hofu yake pia. Rangi inapotoka kwenye hesabu, hofu haina pa kushika. Siku tulipoingiza hesabu za ndoo, ukurasa uliokuwa na kijani nane ukawa na kijani mbili na nyekundu sita. Ilikuwa ripoti ya kwanza ya kweli niliyowahi kuandika, na mikono ilinitetemeka kuituma.

Pili, tuliacha asilimia za katikati. Hatua ilikuwa na alama zote au haikuwa na alama, na alama zilitolewa pale tu mtu asiyeifanya kazi hiyo alipokwenda kuiona. Kabla ya hapo, kila fundi alikuwa na kazi iliyofika asilimia 90, na ingekaa hapo wiki nne. Asilimia 90 ni mahali pazuri pa kupumzika. Unaonekana umefanya mengi, na hakuna anayeweza kukubishia kuhusu kumi iliyobaki. Ukiona kazi imekaa 90 kwa ripoti mbili, au tarehe ya kumaliza inasogea wiki moja kila wiki inapopita, kata tikiti hilo.

Nasema kata kwa sababu ndivyo wauza matikiti wanavyofanya pale kandokando ya barabara. Hawakuambii limeiva. Mteja mwenye shaka hukatiwa kipande kidogo cha pembetatu ubavuni, anaona mwenyewe, kisha kinarudishwa. Sisi tulianza kukata kipande: kila mwezi kijiji kimoja kati ya vinane, kwa kura, alasiri, bila taarifa. Hatukwenda kumkamata mtu. Tulikwenda kuhesabu ndoo. Kijiji kimoja kwa mwezi si kingi, lakini kwa kuwa hakuna aliyejua ni kipi, hesabu za vyote zikawa za kweli zaidi.

Tatu, na hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, maneno ya fundi yalipanda hadi juu bila kuguswa. Chini ya kila rangi niliweka kisanduku chenye ujumbe wake kama alivyouandika, na makosa yake ya tahajia, na tarehe. Mratibu aliweza kuongeza maoni yake chini, lakini hakuweza kufuta. Kama kisanduku hicho kingekuwapo mwezi wa tano, mfadhili angesoma "Waambie wazuie oda" pembeni ya duara la kijani, na angeuliza. Swali moja tu lingetosha.

La nne halikuwa la fomu. Mwenzangu wa saruji ndiye aliyelisema. Nilipomwonyesha fomu mpya, aliitazama akaniambia, "Dada, fomu nzuri. Lakini yule atakayeweka nyekundu ya kwanza ataulizwa nini?" Nikaipeleka hoja yake kwa mratibu. Alinyamaza muda mrefu, nadhani alikumbuka mwarobaini. Kikao kilichofuata, nyekundu sita zilipotokea ukutani, alisema, "Tunahitaji nini, na mpaka lini?" Ni hilo tu. Fundi mkuu, ambaye kwa miezi kumi hakuwahi kuongea kikaoni, aliongea dakika ishirini. Yeye ndiye aliyependekeza vijiji vitatu vya kuanza navyo, vile ambavyo paneli zake zingeweza kuongezwa bila kujenga fremu mpya.

Chuoni nilikuja kusoma kwamba kampuni kubwa sana ilijifunza jambo hilohilo. Alan Mulally alipotoka Boeing na kuanza kuiongoza Ford mwezi Septemba 2006, aliweka kikao cha kila Alhamisi ambacho wakuu wa idara walileta chati zenye rangi hizohizo tatu. Chati zikaja za kijani, wiki baada ya wiki, wakati kampuni ilikuwa inaelekea kwenye hasara iliyozidi dola bilioni 12 mwaka ule. Akawauliza kama kweli hakuna kitu kinachokwenda vibaya. Aliyevunja ukimya ni Mark Fields, aliyesimamia bara la Amerika. Aliweka nyekundu kwa gari jipya la Edge, lililokuwa na tatizo kiwandani Oakville, Kanada. Waliokuwapo walidhani amejimaliza. Mulally akapiga makofi, akauliza nani anaweza kumsaidia, na wenzake wakaanza kutoa mafundi na mawazo. Wiki zilizofuata chati za wengine nazo zikaanza kubadilika rangi.

Hadithi hiyo hupendwa sana darasani, na mimi pia naipenda, ila huwa nawakumbusha wenzangu kwamba Mulally alikuwa mwenye kikao. Anayepiga makofi ni lazima awe yule ambaye watu wanamwogopa. Mimi ningepiga makofi mpaka viganja vitoke damu, na bado mwenzangu wa saruji asingeandika nyekundu. Aliye chini anaweza kuyahifadhi maneno kama yalivyosemwa. Hawezi kuiondoa hofu peke yake.

Fedha nayo ina nguvu yake. Tulipotuma ile ripoti yenye nyekundu sita, awamu ya mwisho ya fedha ilicheleweshwa wiki tano huku mfadhili akitaka maelezo. Mafundi walikaa bila posho. Mmoja alinipigia simu kuniuliza kama ukweli wangu utamlipia kodi ya nyumba, na sikuwa na jibu. Siwezi kusema kwamba ukweli hauna gharama. Afisa wa mfadhili alipotutembelea aliuliza jambo moja tu: kwa nini hatukusema mwezi wa tano? Mratibu alifungua mdomo, nikamtangulia. Nilimwambia kwamba fundi alisema, na mimi ndiye niliyebadilisha maneno yake. Afisa aliandika kitu kwenye daftari lake. Mkataba wangu haukuhuishwa mradi ulipoisha, ingawa wala haukuwapo mradi mwingine wa kuniajiri. Fedha ikaja.

Barua ya kusahihisha taarifa ya kijiji tuliipeleka wilayani wiki hiyohiyo, yenye sahihi ya mwenyekiti na hesabu za ndoo za siku thelathini. Kijiji kilirudishwa kwenye orodha. Picha yangu sikuweza kuirudisha. Niliikuta baadaye kwenye kalenda ya mwaka, mwezi wa Machi, yule mama na ndoo yake ya manjano.

Sasa naandika tasnifu. Kila Ijumaa natakiwa kumtumia msimamizi wangu taarifa fupi, na mwezi uliopita nilijikuta nimeandika, "Sura ya tatu inaendelea vizuri, iko hatua za mwisho." Nilikuwa tayari kubonyeza kitufe. Sura ya tatu ilikuwa na kurasa nne. Hojaji zilizorudi zilikuwa 31 kati ya 120 nilizozihitaji, na wiki mbili hazikuwa zimeongezeka hata moja.

Nilifuta. Nikaandika: "Shikamoo mwalimu. Hojaji 31 kati ya 120, hazijaongezeka tangu tarehe 3. Kwa kasi hii sitamaliza kwa wakati. Nahitaji barua yako kwa ofisi mbili zilizonikatalia, kabla ya Jumatano." Nilikaa na simu mkononi nikijihisi kama yule mwenzangu chini ya mwarobaini.

Alijibu baada ya robo saa. "Marahaba. Nitumie majina ya ofisi hizo." Jumatatu barua zilikuwa tayari.